Kupunguza na Kuongeza Sampuli za Sauti: Dhana Potofu na Ukweli

Tuseme ngoma imerekodiwa Newala, wachezaji wamevaa njuga, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Faili ni zito kulituma kwa simu, kwa hiyo unataka kulishusha hadi sampuli 8,000.

Dhana: Chukua sampuli moja katika kila sita, basi.

```python
y = x[::6]
```

Ukweli: Sampuli 8,000 kwa sekunde hubeba masafa yasiyofika hezi 4,000 tu. Yaliyo juu ya hapo hayapotei, hujikunja na kushuka. Mlio wa njuga wa hezi 7,000 hutokea kwenye hezi 1,000, kwa sababu 8,000 − 7,000 = 1,000. Wa hezi 5,000 hutua kwenye 3,000. Ukisikiliza, mlio mkali wa chuma umegeuka mluzi wa chini usiokuwepo uwanjani.

Dhana: Nitachuja baadaye.

Ukweli: Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika moja kwa moja. Mlio uliojikunja ukishatua kwenye hezi 1,000, umekaa juu ya sauti ya mwimbaji iliyopo hapo hapo. Kichujio hutenganisha kwa masafa, na hao wawili sasa wana masafa yaleyale. Ukiukata mmoja umemkata na mwingine. Ndiyo maana kichujio hutangulia: kipitishe hadi hezi 3,400, na kuanzia 4,000 kiwe kimefifisha kwa desibeli 60. Kwa sampuli 48,000, kichujio kama hicho huhitaji vizidishi takriban 290, yaani namba za kuzidishia sampuli ili kupata kila tokeo. Usiogope hesabu hiyo: matokeo matano kati ya kila sita yatatupwa, kwa hiyo usiyakokotoe kabisa.

Dhana: Wastani wa sampuli sita unatosha.

Ukweli: Wastani ni kichujio kweli, ila dhaifu. Mlio wa hezi 5,000 hubaki na asilimia 48 ya ukubwa wake, na wote huo hutua kwenye 3,000. Jipime mwenyewe: tengeneza mlio mtupu wa hezi 5,000, uchuje, upunguze sampuli zake, kisha tazama grafu ya masafa. Ukiona mnara kwenye 3,000, kichujio chako hakijatosha.

Dhana: Kuongeza sampuli hurudisha kilichopotea.

Ukweli: Kurudi kutoka 8,000 hadi 48,000 ni kuchomeka sifuri tano baada ya kila sampuli. Sifuri hizo huzaa nakala: mlio wa hezi 1,000 hupata wenzake kwenye 7,000, 9,000, 15,000, 17,000 na 23,000. Safari hii kichujio hufuata nyuma ili kuzifuta, nacho kizidishe mara 6, la sivyo sauti hutoka hafifu, sehemu moja ya sita ya ukubwa wake. Hizo 7,000 si njuga zilizorudi. Njuga zilizochujwa mwanzoni zimo kwenye faili la kwanza tu, kwa hiyo lihifadhi.