Kitufe cha kufunga kimeandikwa "Karibu", imekuwaje?

Swali: "Hivi inakuwaje apu ya Kiswahili inaandika Karibu kwenye kitufe ambacho ukikibonyeza kinakufungia dirisha? Na ukitaka kuwaandikia waliotengeneza unawaambiaje wakati wao Kiswahili hawajui?"

Hii imenitokea kabisa, au niseme imemtokea mama mdogo. Alikuwa anakata tiketi ya basi kwenye apu moja hivi, kajaza jina, namba ya simu, siti ya dirishani, kafika mwisho anaona vitufe viwili, kimoja "Endelea" kingine "Karibu". Yeye akaona si nimeshamaliza, wananikaribisha, akabonyeza Karibu. Dirisha likapotea na kila alichojaza kikaenda nalo. Karudia mara tatu ndo akanipigia, "mwanangu hawa watu wananikaribisha halafu wananifukuza mlangoni". Nikamwambia anitumie skrinshoti.

Kuiangalia tu nikajua Kiingereza cha hapo ni `Close`. Neno hilo lina kazi mbili, ni kufunga na pia ni karibu kwa maana ya sio mbali. Aliyetafsiri hakuwa anaiona apu, na hapa ndo watu wengi hawajui: mtafsiri mara nyingi anapewa orodha ndefu ya maneno tu, hana picha, hajui kama neno ni kitufe au kichwa cha habari. Akikuta `Far` na chini yake `Close` ataandika Mbali na Karibu na kwa kweli hana kosa. Bahati mbaya ya ziada ni kwamba "karibu" yetu nayo ni neno la kumkaribisha mgeni, kwahiyo kosa halikuonekana kama kosa. Ingeandikwa "Mgongo" kwenye kitufe cha kurudi mtu angecheka akajua kuna tatizo, ila Karibu inaaminika kabisa.

Imeili yangu ya kwanza ilikuwa ya hovyo nakiri. Nilibandika skrinshoti nikaandika tafsiri ya hapa siyo, wekeni "Funga". Wiki mbili baadae ikaja apdeti, kitufe kimekuwa Funga, safi, ila sasa ukifungua orodha ya vituo unaona vimepangwa "Funga" na "Mbali". Nikajibu kuwauliza kumetokea nini, mmoja wao akanitumia kipande cha faili lao la Kiswahili, `sw.po`, kabla hawajaligusa kilikuwa hivi:

```
#: stops.js:41 form.js:118
msgid "Close"
msgstr "Karibu"
```

Huo mstari wa juu ndo wenye siri yote. Unasema neno hili linatumika sehemu mbili, kwenye orodha ya vituo na kwenye fomu. Mfumo wao wa kutafsiri apu ni gettext, na gettext ikikuta neno lilelile la Kiingereza sehemu mbili inaliunganisha linakuwa moja, tafsiri moja kwa wote. Kiingereza hakidhuriki maana kwao maana zote mbili zinaandikwa vilevile, sisi tuna maneno mawili na nafasi ni moja. Kwahiyo hata ungemleta mtafsiri bora Afrika Mashariki nzima, hapo angeweza tu kuchagua nani aumie, mkata tiketi au mtafuta kituo.

Basi imeili ya pili nikaiandika kwa utulivu, kwa Kiingereza chepesi, nawawekea hapa kwa lugha yetu:

"Kichwa: Kiswahili, kitufe `Close` kwenye fomu ya tiketi. Simu ni Android, lugha ya apu Kiswahili, toleo la apu nimelitoa kwenye ukurasa wa Kuhusu na nimeliweka chini. Namna ya kufika: chagua safari, chagua siti, jaza fomu, dirisha la mwisho, kitufe cha kushoto. Toleo lililopita kiliandikwa `Karibu`, na mtu anaelewa anakaribishwa aendelee, akibonyeza anapoteza alichojaza. Sasa kimeandikwa `Funga`, ni sahihi, kiacheni. Ila neno hilohilo la Kiingereza liko kwenye orodha ya vituo na pale linatakiwa kuwa `Karibu`. Naomba mtenganishe hayo maneno mawili. Nimeambatanisha picha nne, kila ukurasa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza."

Hizo picha za Kiingereza ndo zilizosaidia kuliko vyote. Unabadili lugha ya apu, unarudi ukurasa uleule unapiga tena. Yule wa upande wa pili hasomi Kiswahili, akiweka picha mbili sambamba anaona mwenyewe kitufe ni kipi na neno la kutafuta kwenye faili ni lipi. Na maneno ya kwenye picha yaandike pia kwenye imeili, maana maandishi ya ndani ya picha si rahisi kuyakopi wala kuyatafuta, na kwa neno hili hatari ni kubwa: Funga na Fungua zimepishana herufi moja tu na maana zimegeuka kabisa. Mtu asiyejua lugha akiiandika kwa kuitazama kwenye picha anaweza akakuletea kitufe cha Fungua kwenye kufunga, hapo mama mdogo angenitafuta usiku.

Lingine ambalo nilikaribia kulisahau, picha ya kwanza ilikuwa na jina lake na namba ya simu, vyote vimejazwa kwenye fomu vinang'aa. Ziba kwanza, na uzibe kwa rangi nzito isiyopitisha kitu, au jaza majina ya uongo upige upya kama nilivyofanya mimi.

Kutenganisha kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Kwenye kodi ya fomu wanaita `pgettext("button", "Close")`, kwenye vituo `pgettext("distance", "Close")`, halafu faili linakuwa na nafasi mbili:

```
msgctxt "button"
msgid "Close"
msgstr "Funga"

msgctxt "distance"
msgid "Close"
msgstr "Karibu"
```

Huo mstari wa `msgctxt` ndo unaomwambia mtafsiri neno liko wapi, na lugha nyingine zenye shida kama yetu zinapata nafasi mbili hapohapo bila mtu kuandika imeili nyingine.

Ila jiandae kwa kitu kimoja, usije ukawaandikia tena kwa hasira. Nafasi mpya ikiongezwa inaweza kuingia ikiwa tupu, au ikapata tafsiri ya zamani iliyowekewa alama ya `fuzzy`, yaani ni ya kukisia, mtu aihakiki. Gettext kwa kawaida haitumii zenye alama hiyo, inaonyesha Kiingereza. Kwahiyo apdeti iliyofuata mama mdogo alipiga tena, "sasa wameandika Kizungu". Nikamwambia amsubiri mtafsiri akafute hiyo alama. Apdeti ya baada ya hapo fomu ikawa Funga, vituo Karibu na Mbali, na yeye kumbe siku hizo zote alikuwa anaenda kukata tiketi stendi.