Dhana za modeli ya magendo ya karafuu: yanayodhaniwa na ukweli wenyewe

Tuchukue modeli ndogo ya mkulima wa Pemba. Karafuu yake anaweza kuiuza ZSTC, mnunuzi pekee halali, kwa bei p, au kuivusha kwa magendo hadi Mombasa kwa bei m. Uwezekano wa kukamatwa ni u, na akikamatwa mzigo umepotea. Kasi ya kupanda kwa gharama ya kuvusha kila magendo yanapoongezeka ni g. Sehemu ya mavuno inayokwenda magendo ni s:

```
s = ((1 - u)m - p) / g
```

Tarakimu za mfano tu: p = 14,000, m = 20,000, u = 0.1, g = 10,000. Jibu ni s = 0.4.

Fikra: dhana ya kihesabu ni ya kurahisisha tu, mahali pake ni tanbihi.

Hii ndiyo inayoharibu sehemu nyingi za modeli. Rasimu huandika hivi: "Gharama ya magendo c(s) ina c' > 0 na c'' > 0." Msomaji anapita. Kumbe sharti lile la pili ndilo linalobeba jibu zima. Iandike upya: "Tunachukulia kuwa kila gunia la ziada la magendo lina gharama kubwa kuliko lililotangulia, kwa sababu mizigo mingi huhitaji vyombo na watu wengi zaidi. Dhana nzito: gharama ya kila gunia ikiwa ileile, mkulima atavusha yote au hatavusha hata moja, na 0.4 haipatikani kabisa."

Maneno hayo yanasema nani anafanya nini, kwa nini tumekubali hivyo, na kipi kitaanguka dhana ikiondoka. Fomula peke yake haisemi hata kimoja.

Fikra: dhana iliyo mbali na uhalisia ndiyo nzito.

Si lazima. Kuchukulia kuwa mavuno hayabadiliki ni kinyume cha mambo, maana mikarafuu huzaa sana mwaka mmoja na kidogo mwingine. Lakini mavuno hayamo katika fomula ya s. Yaongeze maradufu, s inabaki 0.4. Sentensi moja inaitosha, mradi swali ni sehemu ya mavuno. Swali likiwa ni tani ngapi zinavuka, mizani inageuka.

Uzito hujulikana kwa kujaribu. Badilisha kitu kimoja, vingine viache. Ongeza g kwa asilimia 10, s inashuka hadi 0.36. Ongeza p vivyo hivyo, inafika 0.26. Ongeza m, inaruka hadi 0.58.

Lakini usiishie kwenye ukubwa wa mruko. Bei p hutangazwa, kila mtu anaijua. Bei ya magendo hakuna anayeitangaza, na kuikosea kwa asilimia 10 ni jambo jepesi. Kwa hiyo alama ya dhana nzito iende kwa m, na ikae hapohapo m inapotajwa mara ya kwanza, pamoja na s ya bei ya chini na ya bei ya juu. Ukiipa kila dhana alama hiyo, hujaonyesha lolote. Kwa modeli hii mbili zinatosha: ya gharama inayopanda na ya m.