Sauti iliyokauka si baridi kila mara

"Sauti ikikauka ni baridi ya kusi tu, kunywa tangawizi itarudi."

Mara nyingi kweli, ila ikipita wiki 3 au 4 koo liangaliwe kwa kamera. Jirani yetu hapa Lamu, mwadhini, alitolewa rovu akaamka na sauti ya pumzi tupu, chai inampalia kuliko uji, manake neva ya nyuzi za sauti inapita nyuma ya tezi ya shingo inayovimba ikawa rovu na uzi mmoja ulikuwa umelala haufungi. Jipime, vuta pumzi useme "aaa", ikikatika kabla ya sekunde 10 huenda hewa inavuja. Alichomwa sindano ya jeli kuusogeza uzi ukutane na mwenzake, jeli huyeyuka baada ya miezi, neva isipoamka kama mwaka hivi ndio wanafikiria operesheni ya kuweka kipande cha kudumu.