Mkimtambulisha mwanafunzi kwa wafadhili, anzeni na anakokwenda

Hapa ofisini kwetu tunashughulika na basari na skolashipu za wanafunzi wa Mombasa, na kila mwaka hafla ya kuwashukuru wafadhili ikikaribia kuna kitu kimoja watu hukiona kidogo mpaka kiwaharibikie ukumbini. Ni ile dakika moja na nusu ya kumtambulisha mwanafunzi kwa watu waliomlipia karo. Viti vishapangwa, chakula kishaagizwa, maiki ishajaribiwa, halafu mtu anapewa karatasi dakika tano kabla anaambiwa hebu mtambulishe huyu. Sasa yeye kwa vile hajawahi hata kukaa na huyo kijana, anasema kile peke yake anachokijua, kwamba ametoka kwenye shida.

Nilikaa hafla moja kama hiyo miaka kadhaa nyuma, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Emsii alianza na marehemu baba, akaja kwa nyumba ya kupanga, akaja kwa zile siku kijana alikuwa anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mpaka anafika kusema anasoma chuo mwaka wa pili watu washatoa vitambaa wanajipangusa machozi. Mzee mmoja akainuka akamtia noti mkononi, na wengine wakafuata, foleni kabisa, kama vile watu wanatunza harusini. Yule kijana alisimama pale mkono mmoja noti mkono mmoja maiki, na hotuba yake aliyoiandika mwenyewe usiku kucha haikutoka mfukoni. Walikuwa na roho nzuri wale watu wote, sisemi walikosea, lakini mpaka tunafunga ukumbi hakuna hata mmoja aliyemuuliza anasomea nini.

Shida haikuwa emsii kusema uongo, manake yote ilikuwa kweli. Shida ilikuwa mpangilio. Neno la kwanza unalosema kuhusu mtu ndilo watu wanalomvalisha, na yote yanayofuata watayasikia kupitia hilo. Ukianza na umaskini, hata ukija kusema anataka kuwa daktari watasikia maskini anayetaka kuwa daktari, wakati ukianza na anachokifanya sasa hivi na anakotaka kufika, mfadhili anakaa kwenye kiti anafikiria mimi namjua nani kwenye hiyo kazi. Na hicho ndicho mwanafunzi anachokihitaji kuliko noti ya siku moja.

Wacha niwaelezee msichana mmoja tuliyemuandaa, yuko mwaka wa tatu, anasomea uinjinia wa meli. Jina lake sitalitaja na mambo ya nyumbani kwao pia siyaandiki hapa. Tulikaa naye wiki mbili kabla ya hafla, nusu saa hivi, kwenye benchi nje ya ofisi. Nikamuuliza swali la kawaida, unataka kuwa nani, akanijibu jibu la kawaida, nataka kuwa injinia nisaidie jamii. Jibu hili kila mwanafunzi analo, wameliandika kwenye fomu za basari tangu sekondari, na ukilipeleka ukumbini hivyo hivyo halimshiki mtu.

Kwa hivyo siku hizi tunauliza maswali mengine. La kwanza, muhula huu ni kitu gani darasani au kwenye woksho kinakusumbua mpaka unakifikiria ukiwa kwenye matatu? La pili, siku yako ya kwanza kazini uko wapi na umeshika nini mkononi? La tatu, kati ya hapa na huko kuna hatua gani ambayo bado hujui utaivuka vipi? Hili la tatu usiliruke hata kama muda umekwisha.

Kwenye la kwanza akaanza kunieleza habari za kusafisha mafuta ya injini kabla hayajaingia kwenye mashine, na mikono yake ikaanza kuzunguka hewani kuonyesha vile bakuli la mtambo wa kusafishia linavyozunguka mpaka maji na uchafu vinajitenga na mafuta. Akaniambia ilianza zamani akivuka feri ya Likoni, wenzake wanaangalia bahari, yeye anaangalia chini anataka kujua ni nini kinachotetemeka chini ya miguu yake. Hapo nikaacha kuandika maswali nikawa naandika maneno yake vile vile.

Na la tatu ndilo lililofungua mambo. Watu wengi hudhani ukishamaliza digrii ya uinjinia wa meli basi unapanda meli. Sio hivyo. Kuna mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, wa mwaka 1978, na kwa mkataba huo huwezi kupata cheti cha afisa wa zamu kwenye chumba cha injini kama hujatimiza angalau miezi 12 ya mafunzo ya woksho pamoja na kazi baharini, na ndani ya hiyo miezi angalau 6 iwe umeshika zamu chini ya afisa aliyehitimu. Ili uipate hiyo miezi lazima kampuni ya meli ikuchukue kama kadeti, yaani afisa anayejifunza kazi melini, na nafasi za kadeti ni chache, vijana wengi wa pwani wamekwama hapo hapo na vyeti vyao vya chuo viko kabatini. Msichana akaniambia, "Mwalimu, karo nishalipiwa alhamdulillahi, lakini meli ya kunichukua sina." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyobeba utambulisho wote.

Nikaandika, kisha nikamsomea kwa sauti, manake maandishi yakiwa kwenye karatasi mtu huona aibu kuyakataa lakini akisikia masikio yake yanamwambia. Nilikuwa nimeweka "licha ya kulelewa katika mazingira magumu". Akanyamaza kidogo, akaomba biro, akaikata ile sentensi mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia karatasi. Hakunieleza sababu na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo nikiona "licha ya" kwenye utambulisho wowote najua kuna mahali tumemuweka mwanafunzi chini ili aonekane amepanda.

Sio suala la heshima peke yake pia. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo inahesabu hali ya afya ya mtu, mali yake, na habari za familia yake pamoja na majina ya wazazi kuwa ni taarifa nyeti. Mtu akikubali zitumike ana haki ya kubadilisha mawazo wakati wowote, na akiwa hajafika miaka 18 lazima mzazi au mlezi akubali. Ile fomu aliyojaza kuomba basari, aliijaza ili apate basari, hakuijaza ili isomwe kwenye maiki, na hapa ndipo ofisi nyingi zinateleza kwa nia njema, wanachomoa faili wanampa emsii lote. Sisi emsii hapewi faili, anapewa karatasi moja ambayo mwanafunzi ameisoma na kuikubali.

Yule msichana ilisomwa hivi:

"Mabibi na mabwana, tunaye hapa injinia wa meli anayejengeka. Yuko mwaka wa tatu, na muhula huu anajifunza jinsi mafuta yanavyosafishwa kabla ya kuingia kwenye injini. Analenga kushika zamu kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, na baadaye kufikia kuwa injinia mkuu. Akimaliza masomo atahitaji kupata nafasi ya kadeti na kutumikia miezi yake baharini ndipo apate cheti. Mchango wenu umemlipia karo ya miaka hii mitatu, na kwa hiyo ameweza kukaa darasani bila kukatiza. Kwa nini injini na sio kitu kingine, hilo nitamwachia awaeleze mwenyewe. Karibu." Kisha likatajwa jina lake, mwishoni kabisa, ili makofi yawe ya jina lake.

Ukiisoma polepole haimalizi hata dakika moja na nusu. Angalieni wafadhili wametajwa wapi, wako baada ya masomo na malengo yake, na wametajwa kwa kitu walichofanya hasa, karo ya miaka mitatu, sio kwa sifa ndefu. Mfadhili akisikia hesabu ya kweli ya pesa yake imefanya nini anatosheka zaidi kuliko kuambiwa yeye ni nguzo ya jamii. Na tumeandika "analenga", hatukuandika "atakuwa". Mwanafunzi wa miaka 21 anaweza kubadilisha nia, anaweza kufeli somo, anaweza kuamua anataka kazi ya gatini na sio ya baharini, na ukishamtangaza mbele ya watu 200 kwamba atakuwa injinia mkuu umemfunga kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Ile hadithi ya feri tulimwachia makusudi. Ukimaliza mambo yote mazuri kwenye utambulisho, mwenyewe anabaki na "asanteni sana Mungu awabariki" na kukaa chini. Mwachie ile anayoipenda zaidi kuisema.

Alipomaliza kuongea hakuna aliyelia. Wakati wa chakula ndio nikajua imeenda vizuri, manake bwana mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi alivuta kiti karibu naye akaanza kumuuliza kama ana paspoti tayari, na kama ashafanya yale mafunzo ya usalama baharini. Sisemi alipata meli siku hiyo, hakupata, lakini aliondoka na namba ya mtu wa kumuelekeza pa kuomba. Nyinyi pia sikilizeni maswali ya wakati wa chakula. Wakimuuliza kuhusu masomo mmefaulu. Wakimuuliza mamake anaendeleaje na maisha, karatasi yenu ilikuwa na kasoro.

Kuna wanafunzi pia ambao wanataka wenyewe kusema walikotoka, na hao msiwazuie kabisa. Kijana mmoja alituambia mimi nataka wajue nililala njaa, na alisimama akasema, kwa maneno yake, mahali alipotaka, na akaishia alipotaka. Tofauti ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa na maiki. Kwenye karatasi ya kumtambulisha haikuwepo.

Asubuhi ya hafla mpigieni simu mwanafunzi mumuulize kama karatasi bado iko sawa kwake, na kama jina lake linatamkwaje, hasa majina ya Kimijikenda ambayo emsii wa kutoka mbali huyavunja. Akisema leo sitaki kusimama, asisimame, soma barua yake ya shukrani bila jina na hafla iendelee. Na ikiisha, ile nakala iliyotumwa kwa emsii kwenye watsapu ifutwe, ile ya karatasi apewe mwanafunzi mwenyewe aende nayo nyumbani.