Je, wajua kwa nini tundu lililohama linaweza kupita ukaguzi?

"Kaka, mchoro unasema 0.4, tundu nimepima limehama 0.5, mbona umelipitisha na la pembeni yake lenye 0.5 hiyohiyo umelikataa?"

Dogo mmoja wa kwetu hapa Nyakato aliniuliza hivyo juzi, tulikuwa tunatoboa pleti ya kufungia pampu ya maji, zile za kuvuta maji ziwani kumwagilia bustani. Pleti ina matundu manne ya bolti za M10, bolti inapita hadi chini inafungwa na nati. Mchoro unataka kipenyo cha tundu kiwe kati ya milimita 10.4 na 10.8, alafu chini yake kuna kile kiboksi cha toleransi, yaani kati ya tundu inaruhusiwa kuhama kiasi gani ukipima kutoka nyuso A, B na C za pleti:

```
⌖ | Ø0.4 Ⓜ | A | B | C
```

Siri yote iko kwenye hiyo M ndani ya duara. Maana yake hiyo 0.4 ni ya pale tu kipande kikiwa na chuma kingi kabisa kinachoruhusiwa, na kwa tundu chuma kinakuwa kingi tundu likiwa dogo kabisa, yaani 10.4 (kwa shafti ni kinyume, chuma kingi ni shafti nene). Tundu likizidi hapo, kila kilichozidi unaongezewa kwenye toleransi, hiyo ndo bonasi. Kama M isingekuwepo 0.4 ingebaki 0.4 hata tundu liwe na ukubwa gani.

Kwa nini mchoraji akupe hiyo zawadi? Chukua 10.4 utoe 0.4, unapata 10.0, ndo unene wa bolti. Sasa fikiria pini ya 10.0 imesimama wima palepale mchoro unapotaka kati ya tundu iwe. Kinachodaiwa ni kuta za tundu zisiiguse hiyo pini, basi. Tundu pana linaweza kuhama zaidi na bado pini ikapita, na pampu itafunga vizuri tu.

Turudi kwa swali la dogo. Tundu la pili lilikuwa limehama 0.20 upande mmoja na 0.15 upande mwingine. Hapa ndo wengi wanateleza, wanapata 0.25 wanafikiri wamemaliza, kumbe toleransi imeandikwa kwa kipenyo, kwahiyo unazidisha mara mbili:

```
2 × √(0.20² + 0.15²) = 2 × 0.25 = 0.50
```

Ukubwa wa tundu lenyewe 10.6. Bonasi 10.6 − 10.4 = 0.2, jumla ruhusa 0.6, limehama 0.50, linapita. Ukitaka kuhakikisha, nusu ya tundu ni 5.3, toa 0.25 ya kuhama, ukuta wa karibu unabaki 5.05 kutoka kati ya pini, na nusu ya pini ni 5.0. Kuna upenyo wa 0.05, mdogo lakini upo.

Tundu la tatu lilihama vilevile 0.20 na 0.15, ila ukubwa wake ni 10.45 tu. Bonasi 0.05, ruhusa 0.45, limehama 0.50, halipiti. Nusu yake 5.225 ukitoa 0.25 unabaki na 4.975, yaani ukuta umeingia kwenye njia ya pini. Kila tundu linakula bonasi yake, huwezi kuazima ya jirani.

Ukubwa wa tundu usiuamini kwa venia peke yake, meno yake ya ndani ni bapa kwahiyo kwenye tundu dogo yanasoma pungufu, na tundu likiwa na ovali ndo kabisa. Kinachohesabika ni pini nene kuliko zote inayoingia, sisi tulichonga pini zetu kwenye leth, tukapima kwa maikromita, tukawa tunazijaribu moja moja. Ovali ikisoma 10.7 upande mmoja na pini inaishia 10.55, bonasi yako ni 0.15, sio 0.3.

Lile tundu la tatu hatukulitupa. Kwakuwa ukubwa ulikuwa bado chini ya 10.8 tulipitisha rima ya 10.6, rima inafuata tundu lililopo kwahiyo kati haihami sana kama ukirudia na drili, tukapima upya, kuhama bado 0.50, ruhusa sasa 0.6. Ila hii njia ina kikomo, bonasi inaishia 10.8, jumla 0.8. Tundu la nne lilikuwa limehama 0.9, hilo hata ukilipanua mpaka mwisho haliokoki, tukalijaza kwa weldi tukatoboa upya.