Januari inaonekana tangu Aprili: maoteo ya kila robo mwaka na bajeti ya mwaka

Meneja akipokea taarifa ya fedha ya robo ya kwanza, karibu kila mara huuliza hivi: tumepungukiwa kiasi gani na bajeti, na pengo hilo tutaliziba vipi kabla ya Desemba? Ni swali halali. Ila lipo jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi: kwa haya tunayoyajua leo, robo nne zijazo zitakuwaje? Bajeti ya mwaka haiwezi kulijibu hilo, kwa sababu iliandikwa kabla ya kujua unachokijua leo, na inakomea Desemba. Linajibiwa na maoteo yanayosogea.

Utaratibu wenyewe hauna miujiza. Robo ikifungwa unaitoa kwenye jedwali, unazipitia upya zilizobaki, kisha unaongeza robo moja mpya mwishoni. Ukifunga Machi unatazama hadi Machi ya mwaka ujao. Ukifunga Juni, hadi Juni. Bajeti ya kalenda haiko hivyo. Januari inakuonyesha miezi 12, Oktoba inakuonyesha mitatu, na baada ya hapo giza mpaka bajeti mpya ipitishwe.

Tuchukue kiwanda cha vifungashio. Namba ni za mfano, sarafu weka yako. Bajeti inasema kila robo kitauza tani 1,000 kwa bei ya 2,000 kwa tani. Malighafi ni 1,200 kwa tani, kwa hiyo kila tani inaacha 800. Mishahara, pango na gharama nyingine zisizofuata mauzo ni 600,000 kwa robo. Faida ya robo moja basi ni 200,000, na ya mwaka mzima 800,000. Hii ndiyo namba iliyopitishwa na bodi.

Robo ya kwanza inafungwa. Zimeuzwa tani 950, bei ya kuuzia haikubadilika, lakini malighafi imepanda hadi 1,300. Kila tani sasa inaacha 700. Mara 950 ni 665,000. Toa 600,000, faida ni 65,000. Pengo ni 135,000.

Mtu wa bajeti ataligawa pengo hilo vizuri kabisa: 40,000 zimetokana na tani 50 ambazo hazikuuzwa, na 95,000 zimetokana na malighafi. Kazi ya maoteo inaanzia hapo. Kwa kila kipande tunauliza jambo moja tu: hili limepita, au litabaki nasi?

Tani 50 zilikuwa oda ya mteja mmoja aliyechelewa kupokea mzigo, ameshaupokea Aprili. Kwa hiyo robo ya pili itakuwa na tani 1,050, halafu mambo yanarudi kwenye 1,000. Malighafi ni habari nyingine. Anayetuuzia ameandika kwamba bei mpya ndiyo bei, kwa hiyo tunaiweka 1,300 robo zote. Upande wa kuuzia, mikataba inaturuhusu kupandisha bei kuanzia Julai, na idara ya mauzo inaamini wateja watakubali 2,060. Hapo kila tani itaacha 760.

Tukipiga hesabu upya, robo ya pili inatoa faida ya 135,000, ya tatu 160,000, ya nne 160,000. Ukijumlisha na 65,000 za robo iliyofungwa, mwaka unaishia kwenye 520,000. Bajeti itapungukiwa 280,000, na tunalijua hilo mwezi wa nne.

Sasa ile robo mpya tuliyoongeza mwishoni, Januari hadi Machi ya mwaka ujao. Ili kuijaza, mtu wa mauzo analazimika kufungua mikataba, na hapo anakuta kwamba mteja anayechukua tani 120 kila robo, mkataba wake unaisha Desemba na hakuna barua yoyote ya kuuhuisha. Bila yeye tunabaki na tani 880. Mara 760 ni 668,800, toa 600,000: faida ya robo hiyo ni 68,800 badala ya 160,000.

Namba hiyo ndiyo iliyostahili muda wako siku ile. Kumpata mteja mpya wa vifungashio si kazi ya wiki mbili. Kuna sampuli, majaribio kwenye mashine zake, ukaguzi wa ubora, kisha majadiliano ya bei. Tuseme miezi 9 kwa kiwanda hiki. Kutoka Aprili hadi Januari ni miezi 9 kamili. Ukisubiri msimu wa bajeti, Oktoba au Novemba, tatizo utaliona wakati dawa yake imeshachelewa.

Tazama pia swali la kwanza, la kuziba pengo kabla ya Desemba, linavyoweza kuleta madhara hapa. Timu ya mauzo ikibanwa sana, njia ya haraka ni kuwapa wateja punguzo ili wachukue Desemba mzigo waliopanga kuuchukua Januari. Bajeti inapona kidogo. Januari, ambayo tayari ina shimo, inachimbwa zaidi, na kwa bei ya chini. Wasimamizi wa bajeti hawaoni dhambi hiyo kwa sababu jedwali lao halina safu ya Januari.

Kutokana na mfano huu utajua pia dirisha liwe refu kiasi gani. Usichukue robo nne kwa mazoea tu. Tafuta uamuzi wako wa kawaida unaochukua muda mrefu zaidi kuzaa matunda, kisha hakikisha unaona mbele kuliko muda huo. Kiwanda chetu chenye miezi 9 kimeponea chupuchupu kwa robo nne. Kwa robo tano kingeliona lile shimo tangu Januari, na kingekuwa na robo nzima ya akiba. Anayeagiza mashine zinazochukua mwaka mzima kufika anahitaji robo sita. Zaidi ya hapo, kwa biashara nyingi, ni kubahatisha kwa namba zenye desimali.

Utaniuliza kuhusu huyo mteja wa tani 120: kwa nini tusiweke nusu, tani 60, maana huenda akasaini? Kwa sababu tani 60 hazitatokea kamwe. Atasaini au hatasaini. Weka lile unaloliona kuwa na uwezekano mkubwa zaidi, na pembeni andika lile lingine: akisaini, faida ni 160,000. Wastani unafaa pale wateja wadogo ni wengi. Kwa mteja mmoja mkubwa unakupa namba isiyokusaidia kuamua chochote.

Maoteo huharibika kwa namna moja kuliko zote, nayo ni pale yanapogeuzwa kuwa ahadi. Bosi akikasirikia 520,000, robo inayofuata ataletewa 800,000. Utamshika vipi mwandishi wa maoteo ya kumfurahisha bosi? Weka matoleo yaliyopita ubavuni mwa hili jipya na utazame robo ya nne peke yake. Kama ilikuwa 200,000, ikawa 260,000, kisha 330,000, huku robo za mwanzo zikiendelea kupungukiwa na jumla ya mwaka ikibaki pale pale, hakuna aliyeotea kitu. Wamesukuma pengo mbele tu. Hapo uliza ni mteja gani, mzigo gani au bei gani imeongezeka robo ya nne. Jibu likiwa "tutaongeza juhudi", irudishe namba ya zamani.

Kipimo cha pili kinahitaji subira kidogo. Kila robo linganisha tani zilizouzwa na tani zilizootewa robo moja kabla. Maoteo yatakosea, hilo si neno. Muhimu ni upande wa makosa. Kama mara nne mfululizo yamezidi halisi kwa tani 40, 55, 30 na 45, kuna mtu ana matumaini kupita kiasi au anaficha jambo, na unaweza kumkalisha mkaongea. Kama yamezidi kwa 40, yakapungua kwa 35, yakazidi kwa 20, yakapungua kwa 30, hiyo ni hali ya soko tu; kuwabana watu zaidi hakutaifuta. Na bonasi isifungwe kwenye maoteo. Ukifanya hivyo, watu wataotea chini ili waje kuvuka, na utakuwa umelipia uongo.

Sasa, bajeti itupwe? Wapo waliofanya hivyo. Benki ya Handelsbanken ya Uswidi iliachana na bajeti ya mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na imebaki kuwa mfano unaotajwa sana katika mijadala hii. Ila ilibadilisha pia namna ya kupima matawi, ikawa inayalinganisha yenyewe kwa yenyewe na kujilinganisha na benki nyingine badala ya kuyapima kwa namba zilizopangwa mwaka uliopita. Kufuta bajeti bila kuweka kipimo kingine mahali pake ni kuwaacha watu bila lengo wala ukomo wa matumizi.

Kwa walio wengi nashauri bajeti ibaki, ikiwa imepunguziwa mzigo. Iwe lengo lililokubaliwa na bodi na ruhusa ya kutumia fedha. Taasisi za umma na miradi ya wafadhili hazina hata hiari hapo, maana fedha zao hutolewa kwa mafungu yaliyoidhinishwa. Ila namba za bajeti zisiguswe baada ya kupitishwa. Mara nyingi idara ya fedha huandika maoteo mapya juu ya bajeti ya zamani ili ripoti ipendeze, na baada ya robo mbili hakuna anayekumbuka mliahidi nini. Safu ziwe tatu: bajeti, maoteo, halisi. Kwenye kiwanda chetu, 800,000 inabaki palepale mwaka mzima, na 520,000 inasimama karibu yake ikiwa na maelezo ya jinsi ilivyofikiwa.

Kuhusu muda wako: usikubali maoteo yenye mistari 400. Hiyo ni bajeti inayoandikwa mara nne kwa mwaka, na idara ya fedha itachoka kabla ya robo ya tatu. Kiwanda kile kiliendeshwa na vitu vinne, yaani tani, bei ya kuuzia, bei ya malighafi na gharama zisizobadilika. Biashara yenye bidhaa nyingi inaweza kufika mistari 15 au 20. Karatasi za ofisi, chai na mafuta ya gari viache vifuate wastani wa robo zilizopita. Idara ya fedha ikuletee ukurasa mmoja ndani ya wiki mbili baada ya robo kufungwa, wenye mistari iliyobadilika tangu toleo lililopita na sababu ya kila badiliko. Kikao kianzie kwenye robo ile mpya ya mwisho, kabla watu hawajachoka kujadili robo iliyokwisha pita, na kila safari mtu wa mauzo aje na orodha ya mikataba inayoishia ndani yake.