Kuandika A na B kwenye skripti ya mtu anayezungumza na kamera: dhana potofu na ukweli

Kwenye skripti, A ni picha ya msemaji mwenyewe. B ni picha za kufunikia, zinazoonekana huku sauti yake ikiendelea.

Dhana: Ukiandika "B: nazi" pembeni, mhariri ataelewa.

Ataelewa kwamba kuna nazi, basi. Hajui picha ianzie neno lipi, iishie wapi, wala kama sauti ya picha hiyo inatakiwa. Tuchukue video ya kuchagua nazi sokoni. Msemaji anasema: "Nazi nzuri ni nzito. Ukiitikisa karibu na sikio, unasikia maji yakicheza ndani. Ikiwa kimya, maji yamekauka." Alama inayofaa ni hii:

```
A   Nazi nzuri ni nzito.
B3  [Ukiitikisa ... ndani]
    Mkono unatikisa nazi, karibu.
    Sekunde 4 + 2. SAUTI IBAKI.
A   Ikiwa kimya, maji yamekauka.
```

Maneno ya mwanzo na mwisho ndiyo mipaka. B3 ni namba ya picha, na faili lipewe jina hilohilo. Sekunde 4 zimepatikana kwa kusoma sentensi kwa sauti huku saa ikihesabu. Usikisie kwa macho. Zile 2 za ziada ni kimya baada ya "ndani", ili maji yasikike. Bila kimya hicho mlio unagongana na maneno, na mhariri atauzima akidhani ni kelele za soko. Msemaji naye aambiwe mapema anyamaze hapo.

Dhana: B ni pambo, huwekwa panapochosha.

Kazi yake kubwa ni kuficha kiungo. Msemaji akikosea, akarudia sentensi, vipande viwili vikiunganishwa kichwa chake kinaruka. Siku ya kurekodi, weka alama ya mkwaju (/) kwenye skripti pale alipokatiza, kisha uandike "B LAZIMA". Picha ianze kama sekunde moja kabla ya mkwaju na iishe sekunde moja baada yake. Ikiishia palepale kwenye kiungo, kosa dogo la fremu chache tu linaufichua mruko.

Dhana: Kadiri unavyofunika zaidi, ndivyo bora.

Hapana. Salamu ya kwanza, onyo, na maoni ya msemaji viache A, mtazamaji amwone anayesema. Andika "A TU", maana mhariri akiona pengo hulijaza.

Dhana: Kifungu cha sekunde 12 kinahitaji klipu moja ya sekunde 12.

Mara nyingi klipu moja hiyo inachosha kabla ya nusu. Igawe B4a, B4b na B4c: nazi inapasuliwa, inakunwa kwa mbuzi, tui linachujwa. Kila moja itatumika kama sekunde 4, lakini rekodi 10, kwa sababu mwanzoni na mwishoni mkono wa mpiga picha hutikisika. Picha isiyopatikana siku hiyo ifutwe kwenye skripti na nafasi yake iandikwe A. Ikibaki, mhariri atapoteza muda kutafuta faili ambalo halikuwahi kuwepo.